Sura ya Sita: Msimu wa Korosho na Kalamu ya Mkaguzi

Kuanzia ghuba ya Mikindani, kupitia Msangamkuu na Msimbati, hadi Kilambo ambako kivuko huvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, mwezi wa Septemba ni mwezi wa matarajio. Mikorosho imeshapulizwa salfa, mabibo yameanza kuonekana, magunia yanatafutwa. Katika ofisi ya halmashauri nako kuna matarajio ya aina yake. Halmashauri za ukanda huu zinaishi kwa ushuru wa korosho. Makisio ya mapato ya ndani yamejengwa juu yake: asilimia tatu ya bei ya shambani kwa kila kilo itakayouzwa. Korosho zikienda vizuri, posho za vikao zinalipwa, madawati yanachongwa na zahanati inaezekwa. Zikienda vibaya, Mweka Hazina hapokei simu.

Katika mwezi kama huo mkurugenzi humkumbuka mkaguzi wa ndani. Tuichukue halmashauri moja ya kufikirika, mahali popote kati ya Mtwara mjini na mdomo wa mto, yenye kitengo cha ukaguzi wa ndani chenye watu wawili: mkuu wa kitengo, mama mwenye uzoefu wa miaka, na kijana mmoja aliyetoka chuo si zamani. Mkurugenzi anamwita mkuu wa kitengo.

"Dada, mwaka jana uliandika hoja tatu kuhusu ushuru wa korosho. Mwaka huu sitaki hoja, nataka dawa. Wewe ndiye unayeyajua matundu yote. Kaeni na Mweka Hazina, mtengeneze utaratibu, halafu kila mnada ukiisha upitie hesabu na kusaini kabla hatujaziingiza."

"Mkurugenzi, la kwanza nitakusaidia. La pili naomba tulizungumze. Hilo la tatu siliwezi."

Wengi wanaolisikia jibu hilo hudhani mkaguzi anakwepa kazi. Sura hii inahusu sababu za jibu hilo, na jinsi ya kulitoa bila kumwacha mkurugenzi peke yake mlangoni mwa msimu.

Ukaguzi wa ndani una kazi za namna mbili. Ya kwanza ni uhakikisho. Humo kuna watu watatu: anayefanya kazi, mkaguzi anayeipima kazi hiyo, na mtu wa tatu anayetegemea neno la mkaguzi, yaani kamati ya ukaguzi, madiwani, mkoa, na mwishowe mwananchi. Mkaguzi ndiye anayeamua apime nini na kwa undani gani, kwa sababu yule wa tatu hana njia nyingine ya kujua. Ya pili ni ushauri, na humo watu ni wawili tu: anayeomba na anayeshauri. Anayeomba ndiye anayesema anataka nini, wakakubaliana mipaka, akapewa maoni, na hiari ya kuyafuata au kuyaacha ikabaki kwake.

Taasisi ya kimataifa ya wakaguzi wa ndani ilikubali rasmi mwaka 1999, ilipoandika upya tafsiri ya fani yake, kwamba ushauri ni sehemu ya kazi ya mkaguzi wa ndani. Kabla ya hapo wengi waliona mshauri na mkaguzi kuwa watu wasiolala nyumba moja. Viwango vipya vilivyotolewa Januari 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 havikurudi nyuma, ila viliongeza ukali juu ya namna ya kulinda kutoegemea. Kwa hiyo mkurugenzi wetu hajakosea kuomba ushauri, na mkaguzi anayejibu kwamba yeye ni wa kukagua tu naye amepitwa na wakati. Kinachobaki kujulikana ni pale ushauri unapoacha kuwa ushauri.

Ili tupaone, tuifuate korosho yenyewe.

Mkulima anapeleka mzigo wake chama cha msingi, ambacho kila mtu huku hukiita Amkosi. Unapimwa, anapewa risiti. Amkosi inakusanya na kusafirisha hadi ghala kuu. Huko unapimwa tena, unapangwa daraja, na mwendesha ghala anatoa stakabadhi. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, na tangu hapo haujapata kuwa na mwaka usio na mjadala. Chama kikuu, kwa upande huu wa pwani MAMCU, kinatangaza mzigo uliopo, mnada unafanyika, na siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa. Mnunuzi analipa, anaruhusiwa kutoa mzigo, makato yanatolewa, na kinachobaki kinakwenda kwa mkulima. Ushuru wa halmashauri unazaliwa humo njiani, mbali na macho ya halmashauri.

Njia hiyo ina uzito wa namna tatu: wa Amkosi, wa ghalani, na wa mzigo uliotoka. Haulingani kamwe, na si lazima kutolingana kwake kuwe wizi. Korosho ikikaa hunyauka. Tena kijiji kinaweza kuwa cha halmashauri hii na Amkosi ya karibu ikawa ya halmashauri jirani, hivyo kilo zikahesabiwa upande usio wake. Na bei nayo ni mbili: ya mnada, na ya shambani ambayo ni ndogo kuliko ya mnada kwa kuwa gharama za njiani zimetolewa.

Tuweke namba ili tusizungumze hewani. Mnada mmoja umeuza tani 1,000, yaani kilo 1,000,000, kwa shilingi 2,000 kila kilo. Gharama za njiani ni shilingi 150, kwa hiyo bei ya shambani tuseme ni 1,850. Asilimia tatu ya bei ya mnada ni shilingi 60 kwa kilo, na mnada mzima ni milioni 60. Asilimia tatu ya bei ya shambani ni shilingi 55 na senti 50, mnada mzima milioni 55.5. Tofauti ni milioni 4.5 kwa mnada mmoja. Ikiwa msimu una minada kumi ya ukubwa huo, ni milioni 45, na hapo kuna watu wa kugombania.

Sasa turudi kwenye maombi matatu ya mkurugenzi.

La kwanza, kuonyesha matundu, ni ushauri halali. Mkaguzi anakaa na wahasibu, anawachorea njia ya korosho kama tulivyoichora, anawaambia kwamba mwaka jana halmashauri ilisubiri kuletewa fedha na orodha na chama kikuu bila kuwa na orodha yake yenyewe ya kulinganishia. Anapendekeza halmashauri iombe nakala za stakabadhi za ghala kila wiki na taarifa ya mnada siku hiyohiyo, ili ijue inadai kiasi gani kabla haijalipwa. Hapo hajaamua chochote. Ametoa alichokijua kutokana na kukagua kwake, na Mweka Hazina anaweza kumwambia kwamba stakabadhi za kila wiki hazipatikani, watachukua za kila wiki mbili.

Ombi la pili, la kutengeneza utaratibu, ni gumu zaidi, kwa sababu ndani yake limebeba uamuzi ambao mkurugenzi hajauona. Utaratibu utakokotoa ushuru kwa bei ipi? Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inasema bei ya shambani, lakini gharama zipi za njiani zinatolewa ndipo ipatikane? Usafiri hadi ghala? Magunia? Tozo ya chama kikuu? Mkaguzi anaweza kuandika njia tatu za kukokotoa na kuonyesha kila moja inaleta kiasi gani na inaweza kupingwa na nani. Kuchagua ni kazi ya Mweka Hazina, mwanasheria wa halmashauri akishauri upande wa sheria na mkurugenzi akiidhinisha. Mkaguzi akichagua yeye, mwakani hataweza kuuliza kama uchaguzi ulikuwa sahihi, maana atakuwa anajiuliza mwenyewe.

Ombi la tatu, la kupitia na kusaini kila mnada kabla hesabu hazijaingizwa, si ushauri hata kidogo. Ni hatua ya udhibiti ndani ya mfumo wa mapato. Siku mkaguzi anaposaini mnada wa kwanza, amekuwa mmoja wa watumishi wa idara ya fedha asiye na kibao cha cheo hicho mezani kwake.

Kwenye serikali zetu kazi ya namna hii ina historia. Kwa miaka mingi mkaguzi wa ndani alitarajiwa kupitia hati za malipo kabla hazijalipwa na kugonga muhuri kwamba zimekaguliwa. Wahasibu waliupenda muhuri ule kwa sababu moja ya wazi: hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ikija, jibu lilikuwa kwamba mkaguzi wa ndani alipitia. Kazi ya kukagua hati kabla ya malipo ni ya lazima, ila mahali pake ni ndani ya idara ya fedha yenyewe, chini ya mhasibu asiyeandaa hati hizo. Muhuri ukiwa mkononi mwa mkaguzi, halmashauri inapata ukaguzi mmoja pale ilipostahili kuwa na miwili.

Tuone jinsi kusaini kunavyompofusha mtu. Mnada wetu wa tani 1,000 umeisha na halmashauri imeamua kutumia shilingi 55 na senti 50 kwa kilo. Inadai milioni 55.5. Benki inaonyesha zimeingia shilingi 54,390,000. Zimepungua 1,110,000. Gawanya kwa 55.5 na unapata kilo 20,000 kamili, tani ishirini.

Namba inayogawanyika sawasawa hivyo inasema kitu. Tatizo haliko kwenye bei wala kwenye asilimia, liko kwenye kilo. Ama mzigo uliotoka ghalani ulikuwa tani 980 baada ya kunyauka, na chama kikuu kimekokotoa kwa uzito wa kutoka badala ya uzito uliouzwa. Ama kuna tani ishirini zimehesabiwa halmashauri jirani. Ama zimetoka bila kuhesabiwa kabisa. Kuna maelezo matatu, na kila moja lina karatasi yake ya kulithibitisha: uzito wa kutolea mzigo kwa la kwanza, orodha ya vijiji kwa la pili, na kwa la tatu daftari la getini pamoja na hati za malori.

Mkaguzi aliyeahidi kusaini kabla ya saa tisa ili fedha ziingizwe leo ana kishawishi kikubwa cha kuchukua lile la kwanza. Kunyauka kwa asilimia mbili ni jambo linaloingia akilini. Anaandika "unyaukaji" na anasaini. Hajala rushwa, hajapendelea mtu. Mwezi wa tatu, anapokwenda kukagua mapato ya korosho kama kazi ya uhakikisho, anakutana na neno "unyaukaji" limeandikwa kwa mwandiko wake. Nani atalichimba? Kijana wa kitengo hatalichimba la bosi wake. Yeye mwenyewe atalipita haraka, kwa sababu alishalielewa, na jambo ulilokwisha kulielewa halikusumbui usiku. Tani ishirini za mnada wa pili, na za wa tatu, zitaitwa jina hilohilo.

Huko ndiko kutoegemea kunakopotelea mara nyingi zaidi kuliko kwenye bahasha, na ndiyo maana mafunzo ya maadili peke yake hayatoshi. Mtu mwadilifu kabisa bado hawezi kuipima kazi yake kwa jicho la mgeni.

Mvuto wa kusaini ni mkubwa zaidi pale mfumo unapobadilika ghafla, na pwani hii imeona mabadiliko ya ghafla kuliko sehemu nyingi. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za minada ya mwanzo. Novemba 12 Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Mnada ukasimama. Badala yake kukawa na uhakiki: kabla ya kulipwa, mkulima athibitishwe kwamba korosho ni zake na si za kangomba, yaani zilizonunuliwa kinyemela kutoka kwa wakulima wenye shida kwa bei ya kutupa. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walifuatwa hadi mashambani, mikorosho yao ikaangaliwa. Malipo yakachelewa, na uhakiki wenyewe ukawa gumzo la kila kijiwe.

Uhakiki wa namna hiyo ni kazi ya menejimenti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake ni kulipwa au kutolipwa kwa mtu fulani. Katika hali ya dharura kama ile ni rahisi kusema wakaguzi ndio wanaojua kuhakiki, waingizwe kwenye timu. Mkaguzi anayeingia anatakiwa ajue anavua kofia gani. Anaweza kwenda na timu kama mtazamaji, au akawaandikia timu mwongozo wa mambo ya kuangalia. Jina lake likiwa kwenye fomu inayoruhusu malipo, uhakiki ule hawezi tena kuukagua yeye.

Sasa turudi kwenye dawa ambayo mkurugenzi aliiomba. Mkuu wa kitengo hamwachi na "siliwezi" tu. Anaandika dokezo la ukurasa mmoja na nusu kabla kazi haijaanza, na dokezo hilo ndilo ulinzi wake mkubwa kuliko mwingine wowote.

Linaanza kwa kutaja kwamba hati ya ukaguzi wa ndani ya halmashauri inaruhusu kitengo kutoa ushauri, na kwamba kazi hii haikuwemo kwenye mpango wa mwaka, kwa hiyo kamati ya ukaguzi ijulishwe na ijue ni kazi gani itasogezwa ili hii ipate nafasi. Kwenye kitengo cha watu wawili hilo si jambo dogo. Wiki tatu za ushauri ni wiki tatu ambazo manunuzi hayakukaguliwa.

Kisha linaweka hadidu za rejea: kitengo kitachora njia ya ushuru, kitaonyesha matundu, kitapendekeza njia mbadala. Kitengo hakitachagua kiwango, hakitaandaa ulinganisho wa minada, hakitaidhinisha hesabu, hakitawaagiza watendaji wa kata wala wakusanya mapato. Sentensi hizi za "hakitafanya" ni bora ziandikwe kwanza, zikiwa bado hazimuudhi mtu. Ukizitamka Novemba, mnada wa nne ukiwa umekwama, zinasikika kama ukaidi.

Halafu linataja wazi jambo linaloweza kutia doa: kwamba mkuu wa kitengo ndiye aliyeandika hoja za mwaka jana, na kwamba mapendekezo yake yakifuatwa, ukaguzi wa ushuru wa msimu huu utahitaji mtu mwingine wa kuusimamia. Viwango vinataka mwombaji aambiwe mambo ya namna hii kabla kazi haijapokelewa, si baada ya kugunduliwa.

Mwisho kuna jedwali dogo. Safu ya kwanza ni suala, ya pili ni njia zilizopo na faida na hasara zake, ya tatu ni uamuzi, ya nne ni jina la aliyeamua na tarehe. Mkaguzi anajaza mbili za kwanza na kuziacha mbili za mwisho tupu. Mweka Hazina anazijaza kwa mkono wake. Kwenye suala la bei ya kukokotolea anaandika kwamba watatumia bei ya shambani kwa kutoa usafiri na magunia peke yake, anasaini, na mkurugenzi anaidhinisha. Nimeona makabrasha mengi ya ushauri yaliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri yakiwa hayana safu hiyo ya nne, na miaka miwili baadaye kila mmoja alikumbuka kwamba mkaguzi ndiye aliyesema.

Vipi kuhusu saini baada ya kila mnada? Mkaguzi anapendekeza ulinganisho uandaliwe na mhasibu wa mapato, upitiwe na mhasibu mwingine asiyepokea fedha za ushuru, na Mweka Hazina asaini ndani ya siku tano. Anawafundisha hao wawili hesabu ya kugawanya upungufu kwa ushuru wa kilo moja, ili wajue kama tatizo ni bei au kilo. Anawaandikia pia karatasi zipi zinathibitisha maelezo yapi. Kufundisha hakumwondolei kutoegemea, maana atakayesema "unyaukaji" safari hii ni mhasibu, na mkaguzi atakuja baadaye kuuliza uzito wa kutolea mzigo uko wapi.

Baadaye lini, na nani? Hapa kuna kanuni inayonukuliwa sana na kueleweka nusu: miezi kumi na miwili. Viwango vinasema mkaguzi anahesabiwa kuwa ameegemea akikagua shughuli aliyokuwa na wajibu nayo ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita. Kanuni hiyo inahusu wajibu, yaani uamuzi na utekelezaji. Haihusu kila ushauri. Mkaguzi aliyebaki ndani ya dokezo letu hajafungiwa mwaka mzima, anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ushauri wake haukumfunga, na kuipanga kazi ili asiye na mkono humo ndiye aipime.

Kwa yule aliyesaini, kanuni inambana, na kwenye korosho inambana kwa namna ambayo waandishi wake pengine hawakuiwaza. Msimu unarudi kila baada ya miezi kumi na miwili. Tuseme alisaini minada kuanzia Oktoba hadi Januari. Miezi inaanza kuhesabiwa pale wajibu ulipokoma, Januari. Kwa hiyo msimu unaofuata wa Oktoba unamkuta bado ndani ya kizuizi, na anatoka humo Januari nyingine, minada ikiwa karibu yote imekwisha. Miezi minne ya kusaini inaweza kuitoa halmashauri kwenye ukaguzi wa mapato yake makubwa kwa misimu miwili. Tena kalenda haitoshi. Hata miezi ikiisha, kama fomu inayotumika bado ni ileile aliyoibuni na maelezo ya upungufu ni yaleyale aliyoyazoesha, anayetumia akili hatasema amekuwa mgeni kwa sababu tu tarehe imefika.

Kampuni kubwa zina jibu jepesi: apewe mkaguzi mwingine. Kitengo cha watu wawili hakina mwingine, na yule kijana aliyekuwa akibeba mafaili ya ushauri si mwingine. Njia inayowezekana huku ni kutoka nje ya kitengo. Sekretarieti ya Mkoa ina wakaguzi wake wa ndani, halmashauri jirani zina wao, na Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali, ofisi iliyoanzishwa kwa marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma mwaka 2010, anaweza kuombwa kusaidia. Kubadilishana wakaguzi kwa wiki mbili, wewe unikagulie korosho nami nikukagulie mapato ya soko la samaki, hakugharimu zaidi ya posho ya kujikimu na mafuta. Kinachohitajika ni barua kuandikwa mapema, Septemba, kwa sababu Machi kila mkaguzi ana kazi zake.

Unajuaje kwamba mpaka umeshavukwa? Dalili ninazoziamini ni za kwenye karatasi. Tazama majibu ya hoja: idara ikianza kujibu kwamba jambo lilifanyika kwa ushauri wa mkaguzi wa ndani, na safu ya nne ya jedwali haipo, mpaka umevukwa. Tazama taarifa za robo mwaka: eneo lililokuwa na hoja kila mwaka likinyamaza ghafla mwaka uleule mkaguzi alipoanza kulishauri, huenda dawa imefanya kazi, na huenda daktari amekataa kumpima mgonjwa wake. Tofauti hujulikana kwa kumpa mgeni mnada mmoja tu aurudie kuanzia stakabadhi hadi benki. Tazama pia lugha ya mkaguzi mwenyewe. Akisema "mfumo wetu wa ushuru" kwenye kikao cha timu ya menejimenti, mkumbushe taratibu.

Kuna jambo jingine linalowatatiza hata wazoefu. Mkaguzi yuko kwenye kazi ya ushauri, kwa maelewano mazuri, na katika kuchora njia ya korosho anakuta kwamba msimu uliopita ushuru wa minada miwili uliingia kwenye akaunti isiyo ya mapato. Aliombwa ushauri juu ya msimu ujao. Je, anyamaze kwa kuwa hakuja kukagua? Hawezi. Jambo zito analolikuta kwenye ushauri linapelekwa kwa mkurugenzi na kwa kamati ya ukaguzi kama lile analolikuta kwenye uhakikisho, na ni vyema dokezo la mwanzo liseme hivyo kwa sentensi moja. Wengine wataacha kumwomba ushauri kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara inayobebeka. Mshauri anayefunga macho anapatikana kwa bei nafuu zaidi nje ya halmashauri.

Na bei ya ushauri iliwahi kuonekana vizuri mbali na hapa. Kampuni ya Arthur Andersen, mkaguzi wa nje wa Enron ya Marekani, mwaka 2000 ililipwa na mteja huyo dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa kazi nyingine, na ilikuwa imewahi kuchukua hata ukaguzi wake wa ndani. Enron ilipoanguka mwishoni mwa 2001, Andersen haikudumu. Mkaguzi wetu wa Mtwara halipwi dola kwa ushauri wake, lakini naye ana anachoweza kukipoteza. Mkurugenzi anayemwomba ushauri ndiye anayeidhinisha gari lake la safari, ndiye mwenye neno kwenye tathmini yake ya utendaji, na ndiye anayepokea taarifa zake kabla hazijafika mbele.

Dokezo na jedwali haviondoi hilo. Linapunguzwa kwa mkuu wa kitengo kuwa na mlango wa kuingia kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi bila kupitia ofisi ya mkurugenzi, na kuutumia mara kwa mara hata kusipokuwa na jambo, ili siku kukiwa na jambo asionekane ametoroka. Katika msimu wetu wa kufikirika aliutumia Oktoba, wiki moja kabla ya mnada wa kwanza, kupeleka nakala ya dokezo. Mwenyekiti alisoma, akauliza swali moja: kama Mweka Hazina akihamishwa katikati ya msimu, atakayekaimu atakuwa amesaini nini? Kwenye jedwali hakukuwa na jibu. Waliongeza safu ya tano, ya makabidhiano, na mkurugenzi akaisaini jioni ileile.